Barua ya Kampuni Kiongozi kwa Kampuni Wenza Fidia Inapobishaniwa

Mada iliyotolewa kwa maofisa wa madai wa kampuni za bima

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa idara za madai, ndugu madalali na watathmini wa hasara mliofika,

Nimeombwa nizungumzie bima za pamoja, lakini muda hautoshi kwa yote, kwa hiyo nitabaki na barua moja tu. Ni ile ambayo kampuni kiongozi inawaandikia kampuni wenza ikiwaomba wakubali kiasi fulani cha fidia wakati mteja anabisha, mtathmini ana hesabu yake, na wenza wenyewe hawajakubaliana. Barua hii mara nyingi huandikwa kwa haraka: aya mbili, ripoti ya mtathmini imebandikwa nyuma, na mwishoni maneno "tafadhali thibitisheni". Kisha miezi inapita. Mteja ghala lake limeungua, benki inadai mkopo wake, na ndani ya bima tunaandikiana kumbukumbu. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo huzaliwa ndani ya barua yenyewe.

Tuanze na msingi. Hatari ikiwa kubwa kuliko uwezo wa kampuni moja, kampuni kadhaa huigawana kwa asilimia. Mteja hupokea hati moja na hushughulika na kampuni moja, lakini kisheria ana mikataba mingi kadiri ya kampuni zilizotia saini. Kila kampuni inawajibika kwa sehemu yake tu. Kiongozi si mdhamini wa wenzake, na kampuni ya mwisho haidaiwi pengo lililoachwa na ya pili. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kuandika lolote ni hili: je, mkataba unampa kiongozi mamlaka ya kuamua madai kwa niaba ya wote? Kama hakuna kifungu kinachowafunga wenza kumfuata, kiongozi ana kazi ya kuratibu na kushauri, basi. Barua yake ni ombi la idhini. Akiiandika kama taarifa ya uamuzi uliokwisha kupita, anawapa wenza sababu ya kwanza ya kuikataa.

Kifungu cha kumfuata kiongozi kikiwepo, nacho kisomwe neno kwa neno. Ipo kesi ya Uingereza iliyohusu meli iitwayo St Efrem, iliyokwama Porto Heli nchini Ugiriki mwaka 2010. Kampuni ya bima ya Aigaion ilikuwa imekubali katika mkataba wake kufuata maamuzi ya wenza wake, Catlin na Brit, kuhusu madai, isipokuwa malipo ya hisani. Catlin na Brit walipomaliza na mwenye meli, waliandika wazi kwamba wanajilipia sehemu zao tu na hawamuongozi mtu mwingine. Aigaion ikasema basi haifungwi. Mwaka 2014 mahakama ya biashara ya London iliamua kwamba inafungwa, kwa sababu wajibu wa kufuata ulitoka kwenye mkataba wake yenyewe na mwenye meli. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini ni wa aina ambayo mawakili wetu huutoa mbele ya jaji. Zingatieni pia kwamba malipo ya hisani yaliachwa nje ya wajibu huo. Barua ya kiongozi lazima ioneshe kwamba fedha inayopendekezwa inatoka ndani ya kinga ya mkataba, kwa hesabu, na haitolewi ili tu kumtunza mteja mzuri. Sentensi moja ya huruma kwa mteja, hata ikiandikwa kwa nia njema, inaweza kumpa mwenza njia ya kutoka.

Sasa nichukue mfano niliouunda kwa ajili ya mada hii, tuufuate mpaka mwisho.

Ghala la bidhaa za jumla Dar es Salaam limekatiwa bima ya moto. Kiasi cha bima kwa bidhaa ni shilingi bilioni 6. Kiongozi ana asilimia 40, kampuni ya pili 25, ya tatu 20 na ya nne 15. Moto unaanza usiku kwenye kabati la umeme, ghala likiwa limefungwa. Mteja anadai bilioni 2.6. Mtathmini anapitia ankara, daftari la bidhaa na mabaki yaliyoonekana sakafuni, anafika hasara ya bilioni 2.2. Mabaki yanauzwa kwa milioni 200, kwa hiyo hasara iliyobaki ni bilioni 2 kamili. Hapo mteja na mtathmini, baada ya kuvutana, wanakubaliana.

Ugomvi uko kwenye thamani ya bidhaa zote zilizokuwemo ghalani siku ile. Mtathmini anasema zilikuwa za bilioni 8. Kama ni hivyo, mteja alikata bima ya robo tatu tu ya mali yake, na kwa kanuni ya wastani analipwa robo tatu ya hasara: bilioni 1.5. Ondoa asilimia 5 ambayo mkataba unasema mteja abebe mwenyewe, inabaki bilioni 1.425. Mteja anajibu kwamba bidhaa za bilioni 1.6 hazikuwa zake, zilikuwa za wateja wake zilizohifadhiwa kwa muda wala hakuzikatia bima, kwa hiyo thamani ya kulinganisha ni bilioni 6.4. Kwa hesabu yake anastahili bilioni 1.875, na baada ya asilimia 5 ni takriban bilioni 1.781.

Kiongozi anaomba nyaraka. Za forodha na hati za kupokelea mzigo zinathibitisha kuwa bidhaa za milioni 900 zilikuwa za watu wengine. Milioni 700 zilizobaki hazina karatasi ya kueleweka. Thamani ya kulinganisha inakuwa bilioni 7.1. Gawa bilioni 6 kwa bilioni 7.1, zidisha kwa hasara ya bilioni 2, ondoa asilimia 5: inabaki bilioni 1.605 na chenji yake. Mteja, kupitia dalali, ameashiria kwamba atapokea bilioni 1.6. Hiyo ndiyo namba ambayo kiongozi anataka wenza waikubali.

Tazameni kilichofanyika hapo. Bilioni 1.6 iko karibu sana na katikati ya madai mawili, lakini haikupatikana kwa kugawanya tofauti kwa mbili. Imepatikana kwa kuuliza ni kiasi gani cha hoja ya mteja kina ushahidi. Tofauti hiyo ni kubwa ndani ya kampuni mwenza, ambako ofisa wa madai atalazimika kumweleza mkaguzi wa ndani, na pengine kampuni ya bima mtawanyo iliyobeba sehemu ya hatari yake, kwa nini alikubali zaidi ya hesabu ya mtathmini. "Tulikutana katikati" haiingii kwenye faili. "Nyaraka za forodha zilipunguza thamani ya kulinganisha kutoka bilioni 8 hadi 7.1" inaingia.

Kwa hiyo barua ianze na ombi, kabla ya historia ya moto. Aya ya kwanza iwe hivi:

"Tunaomba idhini yenu ya kumaliza dai hili kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,600,000,000, baada ya mabaki na sehemu anayobeba mteja. Sehemu yenu ya asilimia 25 ni shilingi 400,000,000. Aidha tunaomba shilingi 12,000,000 kama sehemu yenu ya ada ya mtathmini ya shilingi 48,000,000. Tunaomba jibu kabla ya saa kumi alasiri ya tarehe iliyotajwa hapo juu."

Kila kampuni ipokee barua yenye namba yake yenyewe, na jedwali la wote likiwa kiambatisho. Katika mfano wetu kiongozi ni milioni 640, ya pili 400, ya tatu 320, ya nne 240. Asilimia zichukuliwe kwenye jedwali la ushiriki lililokuwa hai siku ya moto. Hapa pana kosa linalojirudia sana. Mkataba unahuishwa, au nyongeza ya mkataba inabadilisha mgawo katikati ya mwaka, na anayeandika barua anafungua jedwali jipya. Namba zinajumlika vizuri mpaka mia, kwa hiyo hakuna anayeshtuka, hadi kampuni moja inapogundua kwamba inaombwa asilimia ambayo siku ile haikuwa yake. Dawa ni kuandika ndani ya barua namba ya nyongeza na tarehe ilipoanza kutumika.

Baada ya ombi zije hesabu tatu zikiwa sambamba: ya mtathmini, ya mteja, na ya pendekezo, mstari kwa mstari, ili msomaji aone zinaachana wapi. Zinaachana mahali pamoja tu, kwenye thamani ya kulinganisha. Msomaji akiliona hilo, maswali yake yanakuwa machache na yenye maana. Ripoti kamili iambatishwe, lakini asilazimike kusoma kurasa 60 ili apate mstari mmoja.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo viongozi wengi hulificha, na ambalo mimi naamini ndilo linalopaswa kuandikwa kwa uwazi kuliko yote. Katika mfano wetu, mkataba unataka vizima moto vihudumiwe kila baada ya miezi 12. Lebo zilizokutwa ghalani zinaonesha huduma ya mwisho ilifanyika miezi 14 kabla ya moto. Kampuni ya nne inasema sharti limevunjwa, hailipi chochote. Wengine watatu wanaona ghala lilikuwa limefungwa usiku, hapakuwa na mtu wa kushika kizima moto, na lebo haikuongeza hata shilingi moja kwenye hasara.

Nani yuko sahihi? Kwa msimamo wa zamani wa sheria ya Uingereza kuhusu masharti ya dhati ya mkataba wa bima, sharti likivunjwa kampuni inaachiliwa hata kama uvunjaji huo haukuchangia hasara. Uingereza wenyewe walilegeza hilo kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2015. Hapa kwetu wakili aulizwe maswali mawili: je, maneno ya mkataba yanalifanya kuwa sharti la aina hiyo, na mahakama zetu zitaelekea upande gani. Lakini kuna jambo jingine ndani ya faili ambalo halihitaji wakili kuliona. Ripoti ya awali ya mtathmini ilitaja lebo zile. Baada ya kuipokea, kiongozi, kampuni ya pili na ya tatu walimlipa mteja sehemu zao za malipo ya awali ya milioni 300, bila kuandika kwamba wanahifadhi haki zao. Kampuni ya nne haikulipa milioni 45 zake, na iliandika barua ya kuhifadhi haki.

Hizo ni nafasi mbili tofauti kisheria. Kampuni tatu zimelipa zikijua kasoro, na mteja atasema zimeachilia haki ya kuitumia. Ya nne haijaachilia kitu. Kiongozi anayewaandikia wote kana kwamba wamesimama mahali pamoja anaidanganya kampuni ya nne, na kampuni ya nne itajua. Kwa kampuni ya pili na ya tatu, swali ni namba: bilioni 1.425, 1.6 au 1.781. Kwa ya nne swali ni kulipa au kutolipa. Akishinda mteja kwa hesabu yake yote, sehemu ya kampuni hiyo itakuwa takriban milioni 267. Kampuni hiyo ikikubali pendekezo ni milioni 240. Milioni 27 za tofauti hazitamshawishi mtu anayeamini kwamba anaweza kulipa sifuri. Hoja ya kumfikia ni nguvu ya lile sharti lenyewe, pamoja na riba na gharama za kesi, kwa hiyo barua yake iwe na maoni ya wakili kuhusu hilo, yakiwemo yale yanayompa haki.

Wapo watakaouliza kama si hatari kuandika udhaifu wetu kwenye karatasi. Ni hatari barua ikifika mikononi isikotakiwa, na huo ni uzembe wa njia ya kutumia. Barua hii haipiti kwa dalali. Dalali, kwa heshima zote kwa walioko hapa, anamwakilisha mteja. Itumwe moja kwa moja kwa mkuu wa madai wa kila kampuni. Maoni ya wakili yawe waraka wa peke yake, ulioandikwa kwa ajili ya kampuni zote nne na kwa matarajio ya kesi, yasinukuliwe ndani ya barua. Ofa kwa mteja nayo iwe barua nyingine kabisa, yenye maneno "bila kuathiri haki", isiyotaja nani kati yetu anasita.

Tuje kwenye ukimya. Kampuni ya tatu haijibu. Inakumbushwa, haijibu. Ukiwa kiongozi ni rahisi kukasirika, lakini mara nyingi asiyejibu hana ruhusa ya kujibu. Ameweka sehemu yake ya hatari kwa kampuni ya bima mtawanyo, na mkataba wake huko unamkataza kukubali fidia yoyote bila ridhaa yao.

Uzito wa kifungu cha namna hiyo ulionekana kwenye kesi ya Insurance Company of Africa dhidi ya Scor, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1985. Nayo ilihusu ghala lililoungua, Monrovia nchini Liberia, likiwa na bima ya dola milioni 3.5, na Scor ilikuwa imebeba asilimia 98.6 ya hatari hiyo kama bima mtawanyo. Mkataba ulisema Scor itafuata malipo ya kampuni ya Liberia, lakini pia ulisema hakuna malipo bila idhini ya Scor. Mahakama iliona kwamba kifungu cha pili kilikula nguvu ya cha kwanza: kampuni ya Liberia isingeweza kulipa kwa hiari yake kisha ikamtaka Scor afuate. Kilichoiokoa ni kwamba mahakama ya Liberia ilikuwa imekwisha kuihukumu kulipa. Na bado kulikuwa na dola 600,000 ambazo mahakama ya Liberia iliiongezea kampuni hiyo kama fidia ya jumla kwa mteja. Hizo Scor hakuzibeba, zilibaki kwa kampuni ya Liberia peke yake.

Kiongozi anayeelewa hilo huandika barua inayoweza kupelekwa mbele bila kuandikwa upya. Mwenza aichukue barua ile ile, aondoe jina la juu, aipeleke kwa kampuni yake ya bima mtawanyo ikiwa na sababu, hesabu na nyaraka. Muda nao uhesabiwe kwa safari mbili, ya kwenda kwa mwenza na ya kwenda kwa kampuni yake ya bima mtawanyo. Kama kampuni hiyo iko London au Mumbai, siku 7 ni ndoto. Siku 14 za kazi ni haki, pamoja na kuomba ndani ya siku 3 za mwanzo mwenza aseme kama anahitaji idhini ya mtu mwingine na ya nani.

Jibu liwe moja kati ya matatu, yameandikwa chini ya barua tayari kwa sahihi: tunakubali, tunakubali endapo kampuni yetu ya bima mtawanyo itaridhia kufikia tarehe fulani, au hatukubali, sababu ni hizi na kiasi tunachoona ni hiki. Mwenza asiruhusiwe kukataa bila kutaja namba yake, hata kama namba hiyo ni sifuri. Na tafadhali msiandike "asiyejibu atahesabiwa amekubali". Kama mkataba hausemi hivyo, barua haiwezi kuumba idhini kutokana na ukimya. Kiongozi anayemlipa mteja kwa kutegemea sentensi hiyo anaweza kujikuta amelipa deni la mwingine kwa hiari yake, kisha anaambiwa hakutumwa. Kama yuko tayari kumtangulizia mwenza fedha, apate kwanza maandishi yanayosema zitarudishwa lini.

Sasa tuseme wawili wamekubali na kampuni ya nne imebaki na sifuri yake. Kazi haisimami. Kwa kuwa kila mmoja anawajibika kwa sehemu yake, kampuni tatu zinaweza kumaliza asilimia 85 ya dai: bilioni 1.36. Wamekwisha kulipa milioni 255 kwenye malipo ya awali, kwa hiyo kinachobaki ni bilioni 1.105, yaani milioni 520 za kiongozi, 325 za kampuni ya pili na 260 za ya tatu. Ada ya mtathmini inabaki kugawanywa kwa wanne, maana kampuni ya nne nayo iliitumia ripoti yake.

Hatari iliyobaki iko kwenye dischaji, ile hati ambayo mteja hutia sahihi anapopokea fedha. Fomu zilizopo makabatini zinasema mteja amepokea "malipo kamili na ya mwisho ya dai lake" kutoka kwa kampuni iliyochapa fomu. Hapa maneno hayo yanaumiza pande mbili. Kampuni ya pili na ya tatu hazikutajwa, kwa hiyo kinga yao dhidi ya madai ya baadaye inategemea tafsiri. Mteja naye anaweza kukutana mahakamani na kampuni ya nne ikishika karatasi hiyo na kusema alikwisha kuridhika na dai lote. Hati iandikwe upya kwa ajili ya malipo haya, na iwe na maneno haya au yanayofanana nayo:

"Malipo haya ni ya kumaliza asilimia 85 tu ya dai, kwa niaba ya kampuni tatu zilizotajwa hapa chini, kila moja kwa sehemu yake. Yanaziachilia kampuni hizo tatu kikamilifu. Hayagusi haki ya mteja dhidi ya kampuni yenye asilimia 15, wala utetezi wa kampuni hiyo, na si ushahidi wa kiasi ambacho kampuni hiyo inadaiwa."

Sentensi hiyo ya mwisho kampuni ya nne itaidai, na ina haki ya kuidai. Rasimu ya dischaji iambatishwe kwenye barua ya kwanza kabisa ya kuomba idhini, ili mawakili wa kila upande waisome mapema, mteja akiwa bado hajaitwa kuja kutia sahihi.

Ahsanteni. Kama kuna maswali, tuanze na yale ya bima mtawanyo.